Ndoa Iko Wapi Katika Ngano? Raha Mustarehe na Fikra za Kwanza za Watoto Kuhusu Mapenzi

Mwalimu mwenzangu, na wewe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya fasihi, hebu mwulize mtoto yeyote wa darasa la pili hapa Shauri Moyo ngano humalizika vipi. Atakujibu kabla hujamaliza swali: wakaoana, wakaishi raha mustarehe. Mwulize tena waliishi wapi, walikula nini, nani aliamka alfajiri kwenda kuchota maji mfereji ulipokauka. Hapo atakutazama kwa mshangao, kana kwamba umeuliza bahari imepakwa rangi gani. Ngano imeisha, na kwake mapenzi pia yameisha hapo.

Wahakiki wengi wanaoandika juu ya ngano na mafunzo ya mapenzi hushughulikia wahusika. Hutuambia kwamba msichana amechorwa kuwa mnyonge na mwanamume kuwa mwokozi, kisha hufunga mjadala. Hoja hiyo ni ya kweli lakini haitoshi, na watahiniwa wameikariri mpaka imechakaa. Katika makala haya ninapendekeza tuanze na msuko. Swali langu ni moja: ndoa imewekwa wapi? Ngano inayoweka harusi mwishoni humfunza mtoto jambo moja juu ya mapenzi, na ngano inayoweka harusi katikati humfunza jambo jingine kabisa, hata kama wahusika ni wale wale.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja unaowapotezea watahiniwa alama. Kuna fomyula ya kumalizia na kuna hitimisho la msuko. Fomyula ya kumalizia ni kauli ya fanani kuhusu utambaji wake mwenyewe: anapotangaza kwamba hadithi yake imeishia hapo, hasemi lolote juu ya wahusika. Anaiondoa hadhira katika ulimwengu wa ubunifu, anaipa nafasi ya kupumua, na pengine anampisha fanani mwingine. Kauli ya raha mustarehe ni tofauti. Hiyo inawahusu wahusika, na inadai kujua maisha yao yote yaliyobaki, tangu siku ya harusi hadi kaburini, kwa maneno mawili tu. Mtahiniwa anayeziita zote mbili fomyula bila kuzitofautisha anakosa kuona kwamba ya kwanza inafunga kikao na ya pili inafunga maswali.

Linganisha na desturi ya watambaji wa pwani, ambao humaliza kwa kusema kwamba kama hadithi ni njema basi wema wake ni wa wote, na kama ni mbaya basi ubaya ni wa msimulizi peke yake. Kauli hiyo humwachia msikilizaji kazi ya kuamua. Mtoto aliyelala akiwa ameisikia analala na swali: ilikuwa njema au mbaya? Aliyelala na raha mustarehe amelala na jibu.

Kwa nini ngano nyingi za kigeni zilimalizikia kwenye harusi? Vladimir Propp, mtaalamu wa Urusi, alichanganua ngano za ajabu za kwao katika kitabu alichokichapisha mwaka 1928. Alitambua kazi 31 zinazofuatana katika msuko: mtu wa familia huondoka nyumbani, katazo hutolewa, huvunjwa, mhalifu hudhuru, shujaa husafiri, hujaribiwa, na kuendelea. Kazi ya 31, ya mwisho kabisa, ni shujaa kuoa na kutawazwa. Zingatia kwamba ndoa na kiti cha enzi vimo katika kazi moja, kwa sababu ndoa katika msuko huo ni malipo. Shujaa amefanya kazi, sasa analipwa, na binti mfalme ni sehemu ya mshahara pamoja na nusu ya ufalme. Mtoto asiyejua jina la Propp huupata mpangilio huo kwa kuusikia mara kwa mara, na huuelewa bila kufafanuliwa: mapenzi huja mwisho wa taabu, na yakishafika hakuna kazi iliyosalia.

Sasa tutazame ngano yetu wenyewe, tena ya Kiswahili, ambayo ingefaa kuwa darasani kuliko ilivyo. Mwaka 1870 mmishenari Edward Steere alichapisha jijini London mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na wenyeji wa Unguja, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Miongoni mwazo kuna kisa cha Sultani Darai. Andrew Lang alikichukua na kukitia katika moja ya mikusanyo yake ya ngano za watoto mwaka 1901, kwa hiyo watoto wa Uingereza walikisoma zamani, huku wengi wa watoto wa Nairobi wakiwa hawajawahi kukisikia.

Kisa chenyewe ni hiki. Masikini mmoja aitwaye Hamdani huishi kwa kuchakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumni, yaani sarafu ya thamani ndogo, na badala ya kununua chakula ananunua paa kutoka kwa mtu anayewauza wakiwa tunduni. Watu wanamcheka. Paa huyo anasema. Anaomba ruhusa ya kwenda malishoni kila siku, na huko anachimbua almasi. Anaifunga kwa majani, anasafiri hadi mji wa sultani mmoja, anaikabidhi, na kusema kwamba ametumwa na bwana wake, Sultani Darai, kuposa. Sultani anakubali. Paa anarudi, anamchukua Hamdani, anamwogesha mtoni karibu na mji, anazitupa nguo zake kuukuu, kisha anakimbilia kwa sultani kuripoti kwamba bwana wake amevamiwa na wezi njiani na kuvuliwa kila kitu. Sultani anapeleka mavazi na farasi. Hamdani anaingia mjini akiwa Sultani Darai, na harusi inafanyika.

Simama hapo kidogo. Ukiisoma ngano hadi hapa utaona ndiyo ile ile ya paka mwenye viatu, ambayo Mfaransa Charles Perrault aliichapisha mwaka 1697. Kule mnyama ni paka, bwana ni mwana wa msaga unga, mavazi yanapatikana kwa uongo ule ule wa wezi mtoni, na jumba linapatikana kwa paka kumla jitu lililokuwa likilimiliki. Halafu inakuja harusi, paka anageuka mkubwa wa heshima anayewinda panya kwa kujifurahisha tu, na hadithi inakwisha.

Ya Unguja haijafika hata katikati. Paa anamwacha bwana wake ukweni na kwenda kutafuta nyumba, maana alimwahidi mkwe kwamba bwana wake ana makao. Anafika mji wenye jumba kubwa. Ndani mna bibi kizee na mali nyingi, na mwenye mali ni nyoka wa vichwa saba. Paa anavikata vichwa vyote kwa upanga. Anarudi, anawaleta bwana na bibi arusi, na wanaingia katika jumba hilo. Wanakaa siku nyingi. Na Paa anaanza kushangaa: bwana wake hajawahi hata kumwuliza jumba hili lilipatikana vipi.

Hapo ndipo kisa kinapoanza kuwa kisa cha ndoa. Paa anaugua, au anajifanya kuugua. Matini yenyewe inamwachia msomaji aamue, na mimi naegemea kwamba anamjaribu bwana. Anamtuma yule bibi kizee amwambie bwana kwamba hali ni mbaya. Bwana ameketi na mkewe kwa starehe. Anajibu kwamba apikiwe uji wa mtama. Mke anashtuka: mtama hata farasi anaukataa, itakuwaje kwa paa ambaye ni kama mboni ya jicho? Mume anamkumbusha kwamba mnyama huyo alinunuliwa kwa thumni. Bibi kizee anakwenda na kurudi, na kila mara jibu la mume ni baridi zaidi, huku mke akipeleka kwa siri maziwa na wali na kitu cha kulalia. Paa anafariki. Mume anaamuru atupwe kisimani. Mke anamwandikia baba yake barua, sultani anakuja na watu wake, wanamtoa Paa kisimani na kumzika kwa heshima ya maombolezo.

Kisha usiku mmoja mke anaota yuko kwao, na anapoamka kweli yuko kwao. Mume anaota yuko jaani akichakura, na anapoamka kweli yuko jaani. Watoto wanapita na kumuuliza alikuwa wapi.

Hebu tulinganishe mafunzo ya mapenzi yaliyomo katika matini hizi mbili. Katika ya Perrault mke hana neno hata moja la maana baada ya kumpenda kijana kwa mavazi yake. Katika ya Unguja mke hakuulizwa chochote wakati wa posa, hilo ni kweli na si la kufichwa, lakini baada ya harusi yeye ndiye sauti ya uadilifu. Anamjua mumewe kwa njia ambayo hakuna posa ingeweza kumwonyesha: anamwona anavyomtendea aliyemfaa wakati hamhitaji tena. Ndoa yao haivunjwi na mrembo mwingine wala na mama mkwe. Inavunjwa na ukosefu wa shukrani uliojitokeza juu ya bakuli la uji. Na anayeondoka anaondoka bila adhabu. Ngano nyingi humwadhibu mwanamke anayerudi kwao. Hii inampeleka kwao usingizini, kwa upole, na kumwacha mume jaani.

Mtoto aliyesikia kisa hiki hajifunzi kwamba mapenzi ni mabaya. Anajifunza kwamba harusi si mwisho wa mtihani. Hilo ndilo tofauti la msuko ninalolizungumzia.

Ningeonekana mwenye upendeleo kama ningesema kwamba Waafrika waliweka ndoa katikati na Wazungu wakaiweka mwishoni. Mambo si mepesi hivyo. Perrault huyo huyo, katika mkusanyo ule ule wa 1697, ana ngano ya mrembo aliyelala usingizi wa miaka 100. Wengi tunadhani inakwisha mwana mfalme anapofika. Kwa Perrault haikwishi. Wanaoana kwa siri, wanapata watoto wawili, na mume anaogopa kumwambia mama yake, kwa kuwa mama huyo ana asili ya mazimwi. Mume anapokwenda vitani, mama mkwe anaagiza mpishi amwandalie wajukuu wake na mkaza mwana wawe kitoweo. Wanaokolewa kwa hila ya mpishi. Ndugu Grimm wa Ujerumani, walipochapisha ngano yao ya namna hiyo mwaka 1812, waliimalizia kwenye harusi, na filamu ya Disney ya mwaka 1959 ikafanya vivyo hivyo. Nusu ya pili, ile ya ukweni, ilidondoshwa njiani. Raha mustarehe basi si asili ya ngano za Ulaya bali ni tokeo la mkasi wa wahariri walioamua kwamba watoto hawapaswi kuona kinachofuata. Hata lile busu maarufu la Snow White halimo kwa Grimm: kule jeneza linatikisika wabebaji wanapojikwaa, na kipande cha tofaa lenye sumu kinamtoka kooni. Busu lilikuja na filamu ya 1937.

Na mkasi huo ndio uliofika Eastlands. Ngano hazikuja mtaani kwetu kupitia kwa bibi peke yake. Zilikuja kwa vitabu vya picha, kwa kanda na baadaye diski za video, na kwa vipindi vya mapenzi vya Kimeksiko vilivyotawala runinga zetu jioni katika miaka ya 2000, ambavyo kipindi cha mwisho kilikuwa lazima kiwe na shela. Zilikuja pia kwa marobota ya mitumba: nenda Gikomba, hatua chache kutoka hapa, utaona gauni za binti mfalme za rangi ya samawati na waridi zikining'inia, na mikoba ya shule yenye picha za wasichana wale wale. Mtoto anavaa hitimisho la ngano kabla hajasikia mwanzo wake.

Je, yote haya yana athari? Hapa lazima tuwe waangalifu, maana uhakiki wetu hupenda kusema «ngano huathiri watoto» kisha ukaendelea mbele kana kwamba umethibitisha. Ushahidi ninaouamini zaidi ni wa mtafiti Bronwyn Davies, aliyechapisha mwaka 1989 kitabu kuhusu watoto wa chekechea wa Australia. Aliwasomea hadithi ya Robert Munsch ya mwaka 1980 kuhusu binti mfalme Elizabeth. Joka linaichoma kasri yake na nguo zake na kumteka mchumba wake, Ronald. Elizabeth anavaa mfuko wa karatasi, maana hakuna kingine, analihadaa joka hadi linachoka, na kumfikia Ronald. Ronald anamtazama na kumwambia arudi akiwa amevaa kama binti mfalme. Elizabeth anamwambia ukweli wake na hawaoani. Mtunzi alikusudia watoto washangilie. Wengi wa watoto wa Davies hawakushangilia. Waliona msichana mchafu ambaye angepaswa kujisafisha kwanza, na wengine walimwonea huruma Ronald. Walikuwa wamekuja na hitimisho lao kichwani, wakaisahihisha hadithi ili ilingane nalo.

Utafiti wa pili unatuzuia kupiga kelele. Mwaka 2016 Sarah Coyne na wenzake walichapisha matokeo kuhusu watoto wadogo wa Marekani: wale waliozama zaidi katika mabinti wafalme wa Disney walikuwa, mwaka mmoja baadaye, wameshikilia zaidi tabia zinazohesabiwa kuwa za kike. Lakini mwaka 2021 kundi hilo la watafiti lilitoa matokeo ya watoto waliofuatiliwa hadi walipokaribia balehe, na mambo yakawa kinyume: waliowapenda mabinti hao utotoni walikuwa na mitazamo ya usawa zaidi. Wala tafiti hizo hazikupima fikra za mapenzi moja kwa moja. Kwa hiyo anayedai kwamba gauni la samawati linamharibu mtoto maisha anadai asichokijua. Ninachoweza kutetea ni kidogo kuliko hicho, nacho ni kile alichokigundua Davies: mtoto hujifunza mapema hadithi ya mapenzi inakomea wapi, na mpaka huo hubaki hata hadithi inapobadilika.

Nimelijaribu hilo kwa Kidato cha Pili, na wewe unaweza kulijaribu bila gharama yoyote. Niliwatambia kisa cha Sultani Darai hadi siku ya harusi, nikanyamaza, nikawaambia waandike kilichosalia katika nusu ukurasa. Wengi hawakuhitaji nusu ukurasa. Sentensi mbili ziliwatosha: walizaa watoto, wakaishi raha mustarehe. Lililonigusa ni kwamba karibu wote walimsahau Paa. Aliyechimbua almasi, aliyeposa, aliyeogesha, hakuwa na nafasi katika sentensi ya mwisho, maana sentensi hiyo ina viti viwili tu. Bila kujua walimtendea kama Hamdani alivyomtendea. Nilipoendelea na utambaji, darasa lilitulia kwenye ule uji. Msichana mmoja aliuliza kwa nini mke hakuandika barua mapema. Mvulana mmoja alisema kosa lilikuwa la Paa, kwa kumfanyia mtu kila kitu hadi hajui thamani ya chochote. Haya ndiyo majibu ya fasihi, tena yanahusu mapenzi ya kweli kuliko insha kumi juu ya unyonge wa msichana katika ngano.

Mtaa wetu una ngano nyingine zinazoweka ndoa mapema, na watahiniwa wanazijua kutoka kwao. Wenye asili ya Luo watakusimulia Nyamgondho mwana wa Ombare, mvuvi fukara wa pwani ya Gwasi, aliyevua bibi kizee katika mtego wake ziwani, akamchukua nyumbani, na mifugo ikajaa zizini. Alipozoea mali akazoea pombe. Usiku mmoja alirudi mlevi, akacheleweshewa mlango, akamtukana mkewe kwamba si alimwokota majini? Mke akaondoka kuelekea ziwani na kila mnyama akamfuata. Nyamgondho alibaki ameegemea fimbo yake, na inasemwa aligeuka mti. Kimsingi ni mighani, kwa maana imefungwa na mahali panapojulikana, lakini msuko wake ni pacha wa Darai: neema, ndoa, tusi, kupoteza. Na tusi lenyewe ni lile lile, kumkumbusha mwenzio bei uliyompatia.

Hata hivyo nisikubebeshe sifa za ngano zetu zaidi ya wanavyostahili. Iko ile ya msichana aliyekataa wachumba wote, inayosimuliwa na Wakikuyu, Wakamba na wengine wengi. Anamwona kijana mrembo ngomani, anamfuata, na kumbe ni zimwi. Katika matoleo mengi ana mdomo wa pili kisogoni, umefichwa na nywele. Kwa kawaida anaokolewa na kaka yake. Hapa pia ndoa haiko mwishoni, lakini ukiuliza mtoto anapata nini, jibu si la kufurahisha. Msichana aliyechagua mwenyewe amechagua zimwi. Mwanamume salama pekee ni yule wa ukoo wake. Ngano hii ina hekima, kwa kuwa mdomo wa pili upo kweli na wasichana wetu hukutana nao kila siku kwenye stendi. Lakini ina hofu ya uchaguzi wa mwanamke ambayo mwalimu hapaswi kuipitisha kimya. Mweke msichana huyu karibu na mke wa Darai: mmoja alichagua akaadhibiwa, mwingine hakuchagua lakini akajua kuhukumu. Hakuna aliyepewa vyote viwili, na pengo hilo ni swali zuri la insha.

Wala mazingira yetu hayaungi mkono wazo kwamba nyumba huja na mume. Shauri Moyo ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati kijiji cha Pangani kilipobomolewa na wakazi wake kuhamishiwa huku. Kule Pangani, kama Pumwani, wanawake wengi walimiliki nyumba walizozijenga kwa fedha zao wenyewe, jambo ambalo mwanahistoria Luise White ameliandikia kwa kina. Kwa hiyo mtoto wa hapa anayesikia kwamba binti alingoja hadi akaletwa kwenye jumba anasikia ngano ndani ya mtaa ambao historia yake inasema vingine. Mwalimu akiwa na dakika 5 za ziada, azitumie hapo.

Turudi kwenye karatasi ya mtihani. Tuseme umepewa ngano fupi inayomalizikia kwenye harusi, kisha ukaulizwa ueleze umuhimu wa fomyula ya kumalizia na utathmini nafasi ya mwanamke katika ngano hiyo. Katika sehemu ya kwanza shughulika na fanani na hadhira tu, usiingize wahusika. Katika sehemu ya pili usikimbilie neno «mnyonge». Tafuta harusi iko katika tukio la ngapi, kisha uangalie mwanamke ana usemi kabla yake, baada yake, au hana kabisa. Kama ngano inakoma siku ya harusi, sema wazi kwamba msuko haukumpa nafasi ya kumhukumu mumewe, na uonyeshe kwa mfano kutoka katika matini. Mtahini ataona kwamba umesoma ngano yenyewe na hukumsomea maandishi ya daftari.

Na kama utapewa utunge ngano yako, jizuie kwa ujasiri: waoze wahusika wako katika aya ya pili, kisha uone utakachoandika katika aya ya tatu.